Barua ya Udhamini Inayojibiwa

Ikifika Aprili na Mei, kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi katika mji kama Morogoro hukusanya karatasi nyingi zinazofanana. Kuna kadi za michango ya harusi, kadi ya kipaimara, bahasha ya ujenzi wa msikiti, daftari la rambirambi za mtaa. Katikati ya hizo huwa kuna barua yenye mhuri wa kamati ya michezo. Inasema kata inaandaa mashindano ya soka ya vijana na inaomba msaada wa hali na mali. Mwenye duka anaisoma akiwa amesimama, anavuta droo, anatoa shilingi elfu ishirini na kumtakia kijana kila la heri. Kamati ikizunguka maduka kumi inarudi na laki mbili, na mashindano yanaanza kwa mpira mmoja ulioazimwa shuleni.

Mwenye duka huyo hakuwa mchoyo. Ameombwa mchango, akatoa kiasi kile kile anachotoa kwenye harusi ya mtu asiye ndugu yake. Barua haikumweleza angepata nini, wala kazi nzima inagharimu kiasi gani, wala kwa nini imepelekwa kwake na si kwa jirani yake anayeuza vitenge. Fedha ya udhamini anayo, lakini hukaa kwenye fungu jingine, lile analolipia bango la duka, kalenda za mwisho wa mwaka na tangazo la redio ya mkoa. Ili kufika kwenye fungu hilo, barua inabidi iandikwe kama ofa ya biashara: imtaje mfanyabiashara mmoja, ieleze manufaa anayoweza kuyahesabu, na isiahidi chochote ambacho kamati haiwezi kukitimiza.

Kazi hiyo huanza na hesabu, barua ikiwa bado haijaandikwa. Tuchukue mashindano ya kawaida kabisa: timu nane za kata moja, vijana chini ya miaka 15, kila timu wachezaji 18. Timu zinagawanywa katika makundi mawili ya timu nne. Kila kundi lina mechi sita, kwa hiyo hatua ya makundi ni mechi 12. Ongeza nusu fainali mbili, mechi ya mshindi wa tatu na fainali, unapata mechi 16. Zikichezwa mbili kwa siku, Jumamosi na Jumapili, mashindano yanakwisha kwa wikendi nne.

Bei nitakazotumia ni za kukadiria, na kila kamati iweke za mji wake. Jezi 144 kwa shilingi 15,000 kila moja ni 2,160,000. Waamuzi watatu kwa kila mechi, wakilipwa 50,000 kwa pamoja, ni 800,000. Kombe, medali na zawadi ndogo ni 400,000. Maji ya kunywa 320,000, spika na kipaza sauti kwa siku nane 320,000, muuguzi wa kukaa uwanjani 240,000, sanduku la huduma ya kwanza 100,000, mipira minne 180,000, chokaa ya kuchora mistari 80,000. Jumla ni shilingi 4,600,000.

Ukiitazama orodha hiyo kwa makini, unaona kwamba karibu nusu ya fedha yote inakwenda kwenye jezi. Hapo ndipo barua nyingi hukosea. Zinaomba milioni nne na laki sita kwa mkupuo, duka la mtaani linaogopa, na hakuna anayejibu. Lakini gharama ya jezi inagawanyika bila shida. Jezi za timu moja ni shilingi 270,000, kiasi ambacho saluni inayofanya vizuri, duka la simu au mgahawa wa stendi unaweza kukitoa bila kuitisha kikao cha familia. Timu nane zinahitaji wadhamini wanane wa ngazi hiyo, na shilingi 2,160,000 zimepatikana.

Zinabaki 2,440,000. Maji yanaweza kutolewa na msambazaji wa maji kama maji yenyewe, na sanduku la huduma ya kwanza likatolewa na duka la dawa. Hizo ni shilingi 420,000 ambazo hazihitaji kupita mkononi mwa mtu yeyote. Mdhamini mkuu anaombwa shilingi 2,000,000, na mashindano yanabeba jina lake. Kila timu ikilipa kiingilio cha 20,000, inapatikana 160,000 zaidi. Ukijumlisha vyote unapata 4,740,000, na kamati inabaki na akiba ya 140,000 kwa ajili ya mpira utakaopasuka au mvua itakayoahirisha mechi.

Mpango wa wadhamini wengi wadogo una sababu nyingine, na wapenzi wa soka Kenya wanaikumbuka. Mwaka 2019 kampuni ya kubeti ya SportPesa ilisitisha udhamini wake nchini humo, wakati wa mvutano na serikali kuhusu leseni na kodi, na klabu kubwa kama Gor Mahia na AFC Leopards zikapoteza mdhamini wao mkuu kwa wakati mmoja. Mashindano ya kata hayana akiba ya kuvumilia pigo kama hilo. Mmoja kati ya wanane akijitoa, timu moja inacheza na fulana za zamani. Mdhamini pekee akijitoa, hakuna mashindano.

Sasa tuje kwenye manufaa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiko barua zinakojaa maneno matupu. "Utatangaza biashara yako" si manufaa. "Utajulikana na jamii" pia si manufaa. Mwenye duka aliyekaa mtaa huo miaka kumi na miwili anajulikana tayari. Manufaa ni kitu ambacho mfanyabiashara anaweza kusimama uwanjani akakiona, au akakihesabu Jumatatu asubuhi.

Kamati ya mashindano haya ina vitu vichache vya kuuza, na inafaa ivijue kimoja kimoja. Cha kwanza ni kifua cha jezi. Jezi haiishii fainali. Mtoto aliyepewa jezi yake ya kwanza huivaa sokoni, mazoezini, anapotumwa dukani, mpaka imbane, na nyingine hurithiwa na mdogo wake. Hakuna bango la barabarani linalozunguka mtaani namna hiyo. Kwa sababu hiyo jina lichapwe kubwa, kwa rangi moja, lisomeke kutoka ng'ambo ya barabara. Barua ieleze pia kwamba jezi ni mali ya mchezaji na hazitarudishwa kamati, maana hilo ndilo linaloipa jezi thamani kwa mdhamini.

Cha pili ni sauti ya mtangazaji. Mdhamini mkuu akitajwa mara tatu katika kila mechi, yaani kabla ya kuanza, wakati wa mapumziko na mwishoni, atatajwa mara 48 katika mashindano yote. Iandike namba hiyo kwenye barua. Mfanyabiashara anayelipia matangazo ya redio anajua bei ya kutajwa mara moja, na atapiga hesabu mwenyewe bila kuombwa. Tena jina likishaungana na kombe, watu hulitaja bure. Washabiki wa Tanzania wanasema Ligi Kuu ya NBC bila kufikiri kwamba wanaitangaza benki, na benki hiyo ndiyo iliyochukua udhamini mkuu wa ligi mwaka 2021. Kwenye kata mambo huenda vilevile, ila kombe linabeba jina la duka la pembejeo.

Cha tatu ni eneo la uwanja wenyewe: nafasi ya kufunga bango nyuma ya goli, meza chini ya mwembe ya kuuzia bidhaa, ruhusa ya kuwa muuzaji pekee wa kitu fulani siku ya mechi. Meza hiyo inaweza kuwa na thamani kubwa kuliko bango. Wakala wa huduma za fedha kwa simu anayesajili wateja uwanjani anaondoka na majina ya wateja, na mwenye bango anaondoka na bango lake.

Cha nne hutajwa mara chache, nacho ni upekee. Duka la simu likijua kwamba hakuna duka jingine la simu litakaloonekana katika mashindano haya, linalipa kwa moyo mweupe. Wapinzani wawili wakikuta mabango yao yamefungwa pamoja kwenye uzio mmoja, kila mmoja anajiona amedanganywa, na wote wawili hawarudi mwaka unaofuata. Upekee haugharimu kamati hata senti. Unahitaji tu daftari linaloonyesha nani amechukua biashara ya aina gani, na mtu mmoja wa kulitunza.

Lipo suala la idadi ya watazamaji, na hapo majaribu ni makubwa. Kamati huandika "maelfu ya watu" kwa sababu fainali ya mwaka jana ilijaa. Mfanyabiashara anayekuja Jumapili ya wiki ya pili akakuta watu 90 anahitimisha kwamba na mengine yote yalikuwa uongo. Njia ya uhakika ni kuhesabu. Wakati wa mapumziko ndiyo saa nzuri, kwa kuwa watu wametulia. Tembea kuzunguka uwanja, hesabu kwa makundi ya kumi, andika tarehe na hesabu. Fanya hivyo kwenye mechi kadhaa za kirafiki au za mashindano yaliyopita, kisha kwenye barua taja siku ya watu wachache na siku ya watu wengi, zote mbili. Kama hujawahi kuhesabu, usitaje watazamaji kabisa. Taja unachokijua kwa hakika: wachezaji 144 na walimu wao 16 ni watu 160, na watu hao wana wazazi, wana kaka na dada, na wote wanaishi umbali wa kutembea kutoka kwenye duka unaloliandikia. Hoja hiyo ina nguvu kwa sababu mwenye duka anaweza kuithibitisha.

Manufaa hubadilika kulingana na anayeandikiwa, na barua moja iliyotolewa nakala thelathini haiwezi kumfaa kila mtu. Msambazaji wa maji anataka chupa zake zionekane mikononi mwa wachezaji na wasizionee za mpinzani wake. Duka la dawa linataka kuonekana kuwa linajali watoto, na jina lake likae kwenye sanduku la huduma ya kwanza na kwenye fulana ya muuguzi. Ila litangazwe duka, zisitangazwe dawa, kwa kuwa matangazo ya dawa yanasimamiwa na TMDA. Duka la vifaa vya ujenzi linahitaji baba na mama wanaojenga, na hao hufika fainali zaidi kuliko mechi za makundi, kwa hiyo limpatie mwenye duka nafasi ya kukabidhi kombe. Duka la vifaa vya shule linahitaji wanafunzi, na mashindano haya yana wanafunzi watupu.

Nichukue hilo la mwisho nioneshe barua nzima. Barua rasmi za kwetu zina desturi zake: anwani, tarehe, kichwa cha "Yah", halafu mstari wa "husika na kichwa cha habari hapo juu". Anwani na kichwa vibaki, maana vinaonyesha heshima na mpangilio. Mstari ule mwingine uondoke. Mwenye duka husoma mistari mitatu ya mwanzo kati ya mteja na mteja, na mistari hiyo ndiyo inayopaswa kubeba jambo lenyewe.

"Yah: Nafasi ya duka lako kwenye jezi za timu moja, mashindano ya soka ya vijana chini ya miaka 15.

Ndugu Mmiliki, mwezi Juni, shule zikiwa zimefungwa, wanafunzi 144 wa timu nane za kata yetu watacheza soka katika uwanja wa shule ya msingi, Jumamosi na Jumapili kwa wikendi nne. Fainali itakuwa Jumapili ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, siku ambazo wazazi wao watakuwa wakinunua madaftari na sare.

Tunakuomba udhamini timu moja kwa shilingi 270,000, ambazo ni gharama kamili ya jezi 18. Jina la duka lako litachapwa kifuani, na jezi zitabaki kuwa mali ya wachezaji. Timu hiyo itaitwa kwa jina la duka lako na mtangazaji katika kila mechi yake, na kila timu ina uhakika wa kucheza mechi zisizopungua tatu. Wachezaji wote 144 watapewa kuponi ya punguzo utakalolipanga mwenyewe, ili uone ni ngapi zitarudi dukani. Hatutapokea duka lingine la vifaa vya shule katika mashindano haya.

Umri wa kila mchezaji utahakikiwa kwa cheti cha kuzaliwa na barua ya mwalimu mkuu wake. Tumeambatisha kibali cha ofisi ya michezo ya halmashauri, barua ya ruhusa ya uwanja na bajeti yote ya mashindano. Malipo yanafanyika kwenye akaunti ya kamati yenye watia saini watatu, nawe utapewa risiti. Baada ya fainali tutakuletea taarifa ya maandishi yenye picha ndani ya siku 14.

Fundi wa jezi anahitaji wiki tatu, hivyo tunaomba jibu lako kabla ya tarehe 10 Mei. Mwenyekiti na mweka hazina watapita dukani kwako Jumanne ijayo asubuhi."

Chini yake saini, majina, namba ya simu na mhuri. Haizidi ukurasa mmoja. Bajeti iko kwenye karatasi ya pili, kwa sababu mfanyabiashara makini ataitaka, na asiye makini hatasumbuliwa nayo.

Aya ya umri inaweza kuonekana ni ya kamati yenyewe, lakini ni ya mdhamini zaidi. Vijeba ndio wanaoharibu mashindano ya vijana. Timu moja ikileta kijana mwenye ndevu, wazazi wa timu nyingine wanaingia uwanjani, mechi inavunjika, na kinachobaki kwenye picha za simu ni ugomvi uliofungiwa bango la duka la mtu. Mdhamini anayejua soka la mtaani ataliuliza hilo kabla hajauliza jambo jingine lolote. Mwambie mapema vyeti vitahakikiwa na nani, lini, na timu ikikutwa na kijeba itafanywa nini.

Kuna wafanyabiashara watakaokuja wenyewe na fedha nyingi, na hao pia wanahitaji jibu. Kampuni za kubeti na za bia hupenda soka, lakini watoto hawa wana chini ya miaka 18, na kubeti kwa umri huo ni kinyume cha sheria. Jezi ya mtoto wa miaka 13 haipaswi kubeba jina la kitu ambacho sheria haimruhusu kukigusa. Nasema hili bila kusita, hata kama fedha hiyo ingelipa mashindano yote. Kamati iandike msimamo wake kwenye muhtasari wa kikao kabla ya kuanza kuzunguka, ili ofa ikija isijadiliwe chini ya joto la fedha iliyowekwa mezani.

Tahadhari ya namna hiyo inahitajika pia kwenye taarifa za wachezaji. Mdhamini anaweza kuomba orodha ya majina na namba za simu za wazazi ili awatumie matangazo. Asipewe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mzazi aliyesaini fomu ya mtoto kucheza mpira hakusaini kutumiwa ujumbe wa biashara. Kuponi inamfikisha mdhamini kwa mzazi huyo huyo, na mzazi ndiye anayeamua kwenda dukani. Hata picha za watoto kwenye matangazo ziwe na sehemu yake kwenye fomu hiyo, ya kukubali au kukataa.

Barua ikishapelekwa, ziara ndiyo inayoamua. Nenda asubuhi ya Jumanne au Jumatano, duka likiwa halina msongamano. Jumamosi mchana utaambiwa urudi. Nendeni wawili, na mmoja awe mtu mzima anayefahamika mtaani. Salamu zichukue muda wake. Ukikuta mama mwenye duka ndiye aliyepo, shikamoo kwanza, habari za nyumbani, kisha umuulize kabla ya kumweleza: wateja wake wengi ni kina nani, ni miezi gani mauzo yanashuka, alishawahi kudhamini kitu na kilimwendeaje. Majibu hayo mara nyingi hubadilisha ofa papo hapo. Mama mwenye mgahawa anaweza kukwambia kwamba jina kifuani halimsaidii, kwa sababu watoto hawali kwake. Muulize kama angependa kuwapikia waamuzi na kamati kwa siku nane, malipo yawe nusu bei, na meza yake iwe ndiyo pekee ya chakula uwanjani. Yeye anapata wateja, kamati inaokoa fedha, na hakuna aliyetoa sadaka.

Akisema "nitaangalia", usiondoke bila siku ya kurudi. Akisema hapana, mshukuru na umuulize ni wakati gani wa mwaka ungemfaa. Mfanyabiashara aliyemaliza kulipa ada za shule Januari hana fedha, lakini muuza pembejeo baada ya mavuno anayo. Majibu haya yaingie kwenye lile daftari la upekee, na mwaka ujao barua itatoka kwa wakati wake.

Anayekubali aandikiane na kamati mkataba wa ukurasa mmoja. Uorodheshe kile anacholipa na tarehe zake, kile anachopata, na kitakachofanyika mashindano yakiahirishwa au timu yake ikiondolewa kwa kuvunja kanuni. Karatasi hiyo ina faida ambayo waandaaji wengi hawaitaji: kwa mfanyabiashara anayetunza hesabu, malipo ya kutangaza biashara ni gharama ya kuendesha biashara kama zilivyo kalenda na mabango, mradi kuna mkataba na risiti vya kumwonyesha mhasibu wake. Fedha aliyompa kijana mkononi haina ushahidi wowote. Ukimwambia hivyo kwa utulivu, bila kujifanya mtaalamu wa kodi, umempa sababu ya kulipa kiasi kilichoandikwa badala ya alichonacho kwenye droo.

Baada ya hapo kazi inakuwa ya kutimiza, na makosa yake ni ya kawaida kiasi kwamba yanaweza kuzuiwa kwa orodha fupi. Nembo inachukuliwa kutoka kwenye picha iliyotumwa kwa simu, inapanuliwa kwa ajili ya bango, na jina linatoka likiwa na ukungu. Omba faili halisi kutoka kwa fundi aliyemchapia kalenda, na mwenye duka asaini sampuli moja ya jezi kabla ya nyingine zote kuchapwa, maana herufi moja iliyokosewa kwenye jezi 18 haifutiki. Bango linafungwa siku ya fainali pekee ingawa lililipiwa siku nane. Mtangazaji anakolezwa na mechi na kusahau majina. Mpe karatasi yenye majina na visanduku vya kuweka alama kila anapotaja, na karatasi hizo 16 zitunzwe. Siku ya fainali mgeni rasmi anachelewa, giza linaingia, kombe linakabidhiwa haraka haraka na diwani, na mdhamini mkuu aliyevaa suti amesimama pembeni. Ratiba iandikwe hivi: mdhamini anakabidhi kombe, mgeni rasmi anakabidhi medali, na mgeni akichelewa dakika 15 sherehe inaendelea.

Kuponi nazo zinahitaji uangalifu. Ziwe na namba, kuanzia 1 hadi 144, na tarehe ya mwisho, ili duka lisije likadaiwa punguzo mwezi Oktoba. Mwambie mwenye duka ukweli kwamba nyingi hazitarudi. Zikirudi 25, atajua kuwa watu 25 waliingia dukani kwa sababu ya mashindano, na anaweza kugawa shilingi 270,000 zake kwa idadi hiyo aone kama inamlipa, akikumbuka kwamba jezi bado zinatembea mtaani. Anaweza kuona haimlipi. Afadhali aone hivyo kwa hesabu mliyompa ninyi kuliko kwa hisia.

Kwa mdhamini mkuu kuna nafasi ya kuongeza jambo linaloonekana na mtaa mzima. Chama cha michezo cha vijana cha Mathare, Nairobi, kilichoanza mwaka 1987, kinajulikana kwa kanuni yake ya kuzipa timu pointi za ligi kwa kushiriki usafi wa mazingira. Timu nane zikifagia soko Jumamosi asubuhi kabla ya mechi, zikiwa na jezi za wadhamini wao, wenye maduka ya soko hilo wanaona fedha yao ikifanya kazi mbele ya milango yao. Kamati ipange hivyo ikiwa tu ina mafagio, glovu na mtu wa kusimamia watoto. Bila hivyo ni ahadi nyingine isiyotimizwa.

Taarifa ya mwisho iwe na kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza uwe na picha za jezi na bango la mdhamini huyo, idadi ya watazamaji kwa kila siku kama ilivyohesabiwa, mara alizotajwa kwa mujibu wa karatasi za mtangazaji, na kuponi zilizorudi. Ukurasa wa pili uwe na mapato na matumizi yote, pamoja na kilichokwenda vibaya: siku iliyonyesha, mechi iliyorudiwa, bango lililoanguka. Iwasilishwe kwa mkono, na watu wale wale wawili waliokwenda mara ya kwanza. Na kwenye mstari wa mwisho kamati imwandikie kwamba nafasi yake, kwa bei ile ile na upekee ule ule, inashikiliwa kwa ajili yake mpaka tarehe 31 Januari, kisha itatolewa kwa duka linalofuata kwenye daftari.